Kipeperushi kinasema milioni 10.25. Hesabu yasemaje?

*Ndugu Mshauri, salaam. Nina shilingi milioni 6 za mauzo ya mpunga nataka kuziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu. Nimepewa kipeperushi. Mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa "Faida ya wastani ya asilimia 11.31 kwa mwaka". Ndani, kwa maandishi madogo: "Kiwango cha riba ni asilimia 9 kwa mwaka. Riba hujumlishwa kila mwezi. Mfano: weka TSh 6,000,000, baada ya miaka 5 utapata TSh 10,252,320." Mimi nikipiga hesabu ya shule (milioni 6 mara asilimia 9 mara 5) napata jumla ya 8,700,000 tu. Afisa anasema tofauti yote ni riba juu ya riba, na shemeji yangu anamuunga mkono. Inawezekana kweli? Na nitapimaje mwenyewe kabla ya kusaini?*
*Msomaji, Ifakara*

Dada yetu, haiwezekani. Kwa asilimia 9 kwa mwaka, hata benki ingejumlisha riba kila sekunde, milioni 6 haziwezi kufika 10,252,320 ndani ya miaka 5. Afisa amepatia kitu kimoja: hesabu yako ya shule iko chini ya ukweli, kwa sababu imechukulia kwamba riba inakaa pembeni bila kuzaa. Jibu sahihi liko katikati yenu, tena liko karibu na lako kuliko la kipeperushi.

Tuanze na miezi mitatu ya mwanzo, maana hapo ndipo riba juu ya riba inaonekana kwa macho. Asilimia 9 kwa mwaka, ikigawanywa kwa miezi 12, ni asilimia 0.75 kwa mwezi, yaani 0.0075. Mwezi wa kwanza milioni 6 zinazaa TSh 45,000. Riba hiyo ikiingizwa kwenye amana, mwezi wa pili unaanza na 6,045,000 na kuzaa 45,337.50. Mwezi wa tatu unaanza na 6,090,337.50 na kuzaa 45,677.53. Zile 337.50 zilizoongezeka mwezi wa pili ndiyo riba juu ya riba yenyewe, wala hakuna kingine kilichofichika ndani yake. Ni fedha kidogo mwanzoni, na hata baada ya miaka 5 bado ni sehemu ndogo ya riba yote.

Huna haja ya kuandika miezi 60 kwenye daftari. Kila mwezi amana inazidishwa kwa 1.0075, kwa hiyo miezi 60 ni kuzidisha kwa 1.0075 mara 60. Laza simu yako ili kikokotoo kionyeshe vitufe vya ziada, tafuta kile cha kipeo (huandikwa `^` au `xʸ`), kisha andika:

```
6000000*(1+0.09/12)^60
```

Jibu ni TSh 9,394,086. Hicho ndicho kiasi ambacho maneno ya kipeperushi chenyewe, yaani asilimia 9, kila mwezi, miaka 5, yanaweza kukizaa kabla ya kodi. Mfano wao umezidi hapo kwa TSh 858,234.

Kabla hujaenda kumkabili afisa, hakikisha hujakosea kuandika, kwa sababu makosa ya hesabu hii yako mawili na yote yanatokea sana. La kwanza ni kusahau kugawa kwa 12 na kuacha kipeo 60. Hapo utaona zaidi ya shilingi bilioni moja, na mtu yeyote atashtuka mwenyewe. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu halishtui: kugawa kwa 12 lakini kuweka kipeo 5, kana kwamba akaunti imekaa miezi mitano. Utapata kama 6,228,400 na kudhani benki inakuibia. Kanuni ni kwamba kiwango na kipeo lazima viseme kipimo kimoja cha muda. Ukitumia riba ya mwezi, hesabu miezi. Ukitumia riba ya robo mwaka, ambayo hapa ni 0.0225, hesabu robo, nazo ni 20.

Sasa tuje kwenye hoja ya shemeji. Wengi wanaamini kwamba riba ikijumlishwa mara nyingi zaidi fedha zinapaa bila kikomo, na vipeperushi vinaitegemea sana imani hiyo. Pima mwenyewe kwa kiwango kilekile cha asilimia 9 na miaka ileile 5. Ikijumlishwa mara moja kwa mwaka unapata 9,231,744. Kila robo mwaka, 9,363,055. Kila mwezi, 9,394,086. Kila siku, takriban 9,409,350. Tazama hatua zinavyofupika: kutoka mwaka kwenda robo umepata zaidi ya laki moja, kutoka robo kwenda mwezi kama elfu 31, na kutoka mwezi kwenda siku kama elfu 15 tu. Mbele ya hapo kuna ukuta. Ukitaka kuuona, tumia kitufe cha `e` kwenye kikokotoo hichohicho:

```
6000000*e^(0.09*5)
```

Itakuja TSh 9,409,873. Huo ndio ukomo wa asilimia 9 kwa miaka 5, hata riba ijumlishwe mara ngapi. Kipimo hiki tunakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kujua benki inajumlisha kila baada ya muda gani, jambo ambalo vipeperushi vingi huliacha gizani. Zidisha kiwango kwa miaka, weka juu ya `e`, zidisha kwa amana. Mfano wowote unaovuka hapo una kitu kingine ndani yake: kiwango tofauti, muda tofauti, fedha za nyongeza unazotakiwa kuweka kila mwezi, au kosa. Chako kimevuka kwa TSh 842,447.

Basi 10,252,320 imetoka wapi? Hili nalo linaweza kutafutwa, na lina faida, kwa sababu ukienda benki na chanzo cha kosa mkononi mazungumzo yanakuwa mafupi. Fanya hesabu kinyumenyume. Gawa kiasi cha mwisho kwa cha mwanzo, kisha tafuta ni kiwango gani cha mwaka kingeleta uwiano huo kwa miaka 5:

```
(10252320/6000000)^(1/5)-1
```

Jibu ni 0.1131, yaani asilimia 11.31. Namba hiyo umeshaiona, ndiyo ile ya herufi kubwa mbele. Kwa hiyo aliyeandaa mfano hakutumia asilimia 9 hata kidogo. Alichukua "faida ya wastani" akaifanya kiwango cha riba, akaijumlisha mwaka hadi mwaka kwa miaka 5.

Na hiyo faida ya wastani imezaliwaje? Rudi kwenye jibu sahihi, 9,394,086. Riba yake ni 3,394,086, sawa na asilimia 56.57 ya milioni 6. Gawa kwa miaka 5, unapata asilimia 11.31. Kama kugawanya, wamegawanya sawasawa. Ila riba juu ya riba ya miaka mitano tayari imo ndani ya wastani huo, na wao wameuchukua na kuujumlisha tena. Riba juu ya riba imehesabiwa mara mbili, na ndiyo iliyozaa zile laki nane na ushee zisizokuwepo.

Hata bila kujumlishwa mara ya pili, wastani wa namna hii haufai kuandikwa karibu na neno riba. Akaunti ileile ya asilimia 9 kila mwezi, ukiihesabia miaka 10, inatoa wastani wa asilimia 14.51 kwa mwaka. Ukiihesabia miaka 20, unatoka asilimia 25. Kiwango hakijapanda hata punje. Muda ndio umerefushwa. Benki mbili zikikupa "wastani", yenye muda mrefu zaidi itaonekana bora hata kama inalipa kidogo.

Namba inayofaa kulinganishia ni riba halisi ya mwaka mmoja, yaani baada ya miezi 12 amana imekua kwa asilimia ngapi. Kwako ni 1.0075 kwa kipeo 12, toa 1, ambayo ni asilimia 9.38. Benki jirani ikikupa asilimia 9.5 inayojumlishwa mara moja tu kwa mwaka, inakushinda hiyo ya 9 ya kila mwezi. Kwa miaka 5 ingetoa TSh 9,445,432, na hiyo inapita hata ule ukomo tuliouona. Nusu asilimia ya kiwango ina uzito kuliko tofauti yote iliyopo kati ya kujumlisha kila mwezi na kila siku. Afisa akikaza sana kwenye "kila mwezi" au "kila siku", mrudishe kwenye kiwango.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, na kipeperushi hakikuligusa: kodi. Tanzania riba ya amana inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 pale inapolipwa. Ikiwa riba yako inajumlishwa kila mwezi, kodi nayo inatoka kila mwezi, na kinachoingia kwenye amana ni asilimia 90 ya riba. Mwezi wa kwanza, kati ya 45,000, TSh 4,500 zinaondoka na amana inapokea 40,500. Fedha iliyokwenda kwenye kodi haikuzalii tena, kwa hiyo usikate asilimia 10 mwishoni mwa hesabu. Ikate kwenye kiwango tangu mwanzo: asilimia 9 inakuwa 8.1.

```
6000000*(1+0.081/12)^60
```

Unapata TSh 8,983,582. Ungekata kodi mwishoni kwa mkupuo mmoja ungejidanganya kwamba utapata 9,054,677, zaidi kidogo ya elfu 71 juu ya kile kitakachokuwepo. Panga mambo yako ya miaka mitano ijayo kwa hiyo milioni 8.98, wala usiguse 10.25, hata 9.39 usiihesabu kama yako. (Ndugu wa Kenya wanaosoma hapa waweke asilimia 15 mahali pa 10; njia ni ileile.)

Hata hiyo 8,983,582 inasimama kwa masharti mawili, na yote mawili unatakiwa kuyaona kwenye fomu ya mkataba, kwa kuwa kipeperushi hakimfungi mtu kama fomu uliyosaini.

Sharti la kwanza: riba ibaki ndani ya amana. Akaunti nyingi za muda maalumu hulipa riba kila mwezi kwenye akaunti yako ya kawaida ya akiba. Hapo amana inabaki milioni 6 mwanzo hadi mwisho, kila mwezi unapokea riba ya 45,000 kabla ya kodi, na baada ya miezi 60 riba yote ni 2,700,000. Hapo hesabu yako ya shule inakuwa sahihi kabisa! Sentensi ya "riba hulipwa kila mwezi" na ile ya "riba huongezwa kwenye amana kila mwezi" zinaachana kwa TSh 694,086 katika mfano wako, kabla ya kodi. Kipeperushi kinasema "hujumlishwa", lakini soma kifungu cha riba kwenye fomu, na uangalie kama kuna kisanduku cha kuchagua riba iende wapi. Mara nyingi afisa hukijaza mwenyewe kwa mazoea.

Sharti la pili: kiwango kishikilie miaka yote 5. Kuna akaunti zinazotangazwa kwa mfano wa miaka mitano, kumbe mkataba ni wa miezi 12 unaojihuisha wenyewe kwa kiwango kitakachokuwepo siku hiyo. Asilimia 9 inakuwa ahadi ya mwaka wa kwanza tu. Tuseme kuanzia mwaka wa pili kiwango kinashuka hadi asilimia 7. Mwaka wa kwanza unaisha na 6,562,841, kisha miezi 48 ya asilimia 7 inakufikisha kwenye kama 8,676,400 kabla ya kodi, chini hata ya ile 8,700,000 uliyoanza nayo. Tafuta kwenye fomu tarehe ya kuiva kwa amana. Kama imeandikwa tarehe ya mwaka mmoja kutoka leo, mfano wa miaka 5 ni makadirio, na kila mwaka utakuwa na siku chache za kuamua kama unaendelea au unaondoka. Soma pia wanakata nini ukivunja kabla ya muda, maana mpunga haukosi mwaka mbaya.

Kwa hiyo usisaini bado. Mwandikie meneja wa tawi, kwa barua au baruapepe, umwombe majibu ya maandishi kuhusu mambo haya: kiwango cha mwaka na kimeshikiliwa hadi tarehe gani, riba inaongezwa kwenye amana au inapelekwa akaunti nyingine, inaongezwa kila baada ya muda gani, na kiasi cha mwisho kwa TSh 6,000,000 kabla na baada ya kodi ya zuio. Ongeza sentensi moja kwamba kwa masharti ya kipeperushi hesabu inatoa 9,394,086, na kwamba 10,252,320 inapatikana tu ikitumika asilimia 11.31. Usimtuhumu mtu. Mtu wa hesabu pale benki ataliona kosa kwa dakika moja, na huenda ikawa ni idara ya matangazo tu iliyoteleza. Wakikujibu kwa maandishi kwamba watalipa 10,252,320, basi wamekupa kiwango cha 11.31, na hilo lazima liandikwe kwenye mkataba kama kiwango. Wakikaa kimya au wakiendelea kugawa kipeperushi kilekile, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki, na tangu 2019 zipo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Dawati litataka kuona kwanza kwamba ulilalamika benki kwako, ndiyo maana tunasisitiza barua.

Ukishafungua akaunti, kuna kipimo cha mwisho kwenye taarifa ya mwezi wa pili. Usitegemee kuona 45,000 na 45,337.50 kamili, kwa kuwa benki nyingi huhesabu riba kwa siku: amana mara 0.09, gawa kwa 365, mara siku za mwezi. Tuseme umeweka tarehe 1 Januari. Januari ina siku 31, kwa hiyo riba ni 45,863.01, na baada ya kodi inaingia 41,276.71. Februari yenye siku 28 itakuja na riba ya 41,709.64. Mtu akiona imeshuka anadhani riba haijumlishwi, au ameibiwa. Fanya hivi: chukua riba ya mwezi kabla ya kodi, gawa kwa siku za mwezi huo, zidisha kwa 365, gawa kwa 0.09. Hesabu hiyo inakufunulia amana ambayo benki iliitumia. Kwa 41,709.64 utapata 6,041,277, yaani milioni 6 pamoja na riba ya Januari, na hapo ujue riba inazaa. Ikitoka 6,000,000 kamili, ambayo kwa Februari ni riba ya 41,424.66, riba yako haijaingia kwenye amana. Rudi tawini mwezi huohuo, na fomu yako mkononi.